Nguo nyeupe: ikiwa ya njano ni mwili, ikiwa ya kijivu ni ufuaji

Shati la shule hununuliwa Januari likiwa jeupe pe. Ikifika Juni, mzazi akilisogeza karibu na karatasi anaona halina tena rangi ya karatasi. Limekuwa kama maji ya mchele. Kwa upande mwingine ipo kanzu ya pamba iliyovaliwa sikukuu moja, ikafuliwa haraka, ikapigwa pasi na kuwekwa sandukuni. Inatolewa baada ya miezi 8 na shingoni ina duara la njano ambalo hakuna aliyeliona siku ilipowekwa.

Watu wengi huzipeleka nguo hizi mbili kwenye beseni moja na kuzitibu kwa dawa moja, nayo ni jiki nyingi. Shati linabaki vilevile, na kanzu pengine inazidi kuwa ya njano. Hapo familia huamua kuwa kitambaa kilikuwa hafifu na kununua kingine, na fedha ya shati la pili inatoka mfukoni kabla mwaka haujafika nusu.

Ukweli ni kwamba nguo hizi zina magonjwa mawili tofauti. Njano ya shingoni na kwapani imeachwa na mwili. Kijivu kilichoenea nguo nzima kimeachwa na ufuaji wenyewe, yaani sabuni na maji. Ukishajua ni lipi kati ya hayo mawili lililoikuta nguo yako, utajua pia uanze na nini.

Mafuta yanavyojificha

Jasho lenyewe ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa, na maji na chumvi hutoka kwa kusuuza tu. Kinacholeta taabu ni mafuta ya ngozi, yale ambayo ukipitisha kidole puani au kwenye paji la uso mchana wa joto unayaona yaking'aa. Shingo, mgongo wa juu na kifua hutoa mafuta hayo kwa wingi, na kola ya shati ndiyo inayoyasugua na kuyapangusa kutwa nzima.

Uzi wa pamba nao si kama waya. Kila unyuzi wake ni bomba dogo lililobonyea na kujipindapinda, mfano wa mpira wa kumwagilia bustani uliokosa maji. Mafuta hayabaki juu ya bomba hilo tu, bali huingia ndani na kukaa katika uwazi wa katikati. Maji ya baridi yakipita juu kwa haraka hayayafikii, maana yenyewe hayachanganyiki na mafuta, na kwenye baridi mafuta hayo huwa mazito zaidi.

Mafuta mapya hayana rangi. Ndiyo maana kanzu ilionekana safi siku ilipokunjwa. Lakini mafuta yakikaa na hewa, oksijeni huyashambulia polepole. Huanza kubadilika, hushikamana yenyewe kwa yenyewe na kuwa kitu kigumu chenye rangi ya njano, mwisho hudhurungi. Mama yeyote anayepika chapati amekwisha kuona jambo hili. Mafuta yaliyobaki pembeni mwa kikaango huoshwa kwa urahisi siku ileile, lakini yakiachwa na kupashwa moto mara kwa mara huwa ukoko wa kahawia ambao hata steliwaya huutoa kwa shida. Kolani mambo ni hayohayo, ila yanakwenda taratibu.

Kinachoharakisha ni joto. Pasi ya moto juu ya kola yenye mafuta hufanya kwa dakika moja kazi ambayo sanduku lingefanya kwa wiki nyingi. Kwa hiyo kola isiyotakata isipigwe pasi kwa matumaini kuwa doa litafifia. Irudishwe kwenye beseni.

Kwapani lipo jambo la ziada. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za aluminiamu. Hizo hukutana na jasho na mafuta na kutengeneza tabaka linaloganda kwenye kitambaa. Utalijua kwa kugusa, kwani mahali hapo pamekuwa pakavu na pagumu kama kadibodi, na maji yakimwagwa hapo huteleza kabla ya kuingia. Mwenye shati la namna hiyo asubiri dawa ikauke mwilini kabla ya kuvaa, na apake kidogo.

Kijivu kinatoka kwenye ndoo

Sasa turudi kwenye shati la shule. Chukua familia inayohama kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, au Zanzibar. Mama ni yuleyule, sabuni ya kipande ni ileile, hata beseni ni lilelile. Kule Mwanza alifua kwa maji ya Ziwa Victoria, ambayo ni laini na hutoa povu upesi. Huku anafua kwa maji ya kisima. Anasugua na povu halitoki, anaongeza sabuni, na juu ya maji anaona vipande vyeupe vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika. Baada ya miezi michache mashati yote yamefifia.

Maji ya visima vingi vya pwani yamepita katika mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Dodoma nako maji mengi ya ardhini yana madini mengi. Maji hayo hubeba kalisiamu na magnesiamu, na sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo haifui kwanza. Inaungana nayo na kuwa utando mweupe, unaonata, usioyeyuka majini. Vile vipande vinavyoelea ndio utando wenyewe. Povu huanza kutoka pale tu madini yote yanapokuwa yamekwisha kula sehemu yake ya sabuni.

Utando huo hushika kwenye nyuzi za pamba na hautoki kwa kusuuza, maana unasuuza kwa maji yaleyale yenye madini. Kila sabuni iliyobaki kwenye nguo inapokutana na maji ya kusuuzia hufanya utando mwingine. Kisha utando, kwa kuwa unanata, hukamata vumbi, masizi na uchafu uliokuwa ukielea ndani ya beseni. Shati linafuliwa mara mbili au tatu kwa wiki, na kila mara linaongezwa tabaka jembamba. Baada ya miezi 5 tabaka hizo ndizo kijivu unachokiona. Mara nyingi nguo huwa pia ngumu, na taulo la namna hiyo halinyonyi maji vizuri.

Sabuni ya unga imetengenezwa kwa njia nyingine na haikatiki ovyo kwenye maji magumu, ndiyo maana watu wa pwani wengi huipenda. Lakini nayo ina mtego wake. Mtu anaona povu ni dogo, anamimina nusu ya pakiti. Povu linakuwa kubwa, na hapo anasuuza mara moja kwa sababu maji ni ya kununua. Sabuni iliyobaki ndani ya uzi hukauka, inanata vumbi siku inayofuata, na ikipigwa pasi huungua kidogo na kuacha umanjano wa jumla. Kwa ndoo ya lita 10 za maji, vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya unga vinatosha nguo za kawaida. Ukiona inakulazimu kuongeza, tatizo ni maji au ni maji machafu yanayotumika tena na tena.

Hilo la maji kutumika tena ni sababu nyingine ya kijivu. Kuanza na nguo nyeupe kisha za rangi katika beseni moja ni busara. Kurudisha soksi nyeupe kwenye maji yaliyokwisha kufua suruali ni kuzipaka uchafu wa suruali.

Namna ya kupima nyumbani

Kabla ya kununua dawa yoyote, fanya majaribio mawili. Hayana gharama.

La kwanza ni la maji. Chukua chupa mbili za plastiki zilizo safi. Moja ijaze nusu maji unayofulia, nyingine nusu maji ya mvua yaliyokingwa safi. Kwangua sabuni ya kipande kiasi cha ncha ya kijiko kidogo, tia sawasawa katika kila chupa, funika na utikise kwa sekunde 20. Maji ya mvua yatatoa povu zito na maji ya chini yatabaki karibu angavu. Ikiwa chupa ya pili ina povu hafifu linalokufa upesi na maji yamekuwa kama tui jepesi, maji yako ni magumu, na hapo ndipo kijivu kinapotoka.

La pili ni la nguo. Chukua shati lililofuliwa, likakauka, ambalo ungelivaa kesho. Litumbukize kwenye maji safi ya uvuguvugu bila sabuni yoyote, lifikiche kwa dakika 5. Maji yakitoa povu au kuteleza vidoleni, hujawahi kulisuuza vya kutosha. Yakigeuka ya kijivu, shati limekuwa likitunza uchafu wa beseni. Yakibaki safi na shati bado ni jeusijeusi, basi ni utando wa madini, nao unahitaji asidi.

Kuirudisha nguo ya kijivu

Utando wa sabuni na chokaa hauvunjwi na sabuni zaidi. Unavunjwa na kitu chenye uchachu. Siki nyeupe ya kawaida inatosha. Changanya kikombe kimoja cha siki katika lita 5 za maji ya moto kiasi, loweka shati lililo safi kwa dakika 30, ukiligeuzageuza. Asidi huachanisha madini na mafuta ya sabuni. Madini hutoka na maji, lakini mafuta hubaki kwenye kitambaa, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuishia njiani. Baada ya siki, suuza, kisha fua shati kwa maji ya moto na sabuni ya unga ili mafuta hayo nayo yaondoke.

Kazi hiyo yote itaharibika ukimalizia kwa maji magumu. Kama yapo maji ya mvua, yaweke kwa ajili ya nguo nyeupe. Kama hayapo, lainisha maji kwa magadi. Saga magadi, yeyusha vijiko viwili vikubwa katika maji kidogo, chuja kwa kitambaa ili kuondoa udongo, kisha mimina ndani ya ndoo ya lita 20 jioni. Koroga na uache usiku kucha. Asubuhi utaona unga mweupe umekaa chini, nao ni chokaa iliyokuwa ndani ya maji. Chota ya juu taratibu bila kutibua. Maji hayo yafulie na ya kusuuza kwanza yawe hayo. Magadi hukausha ngozi, kwa hiyo mwenye mikono yenye vidonda au upele avae glovu.

Shati lililokaa na kijivu mwaka mzima huenda likataka kurudiwa mara mbili. Ukiona mara ya pili halijabadilika, acha. Pamba ikisuguliwa miaka mingi nyuzi zake za juu hukatika na kusimama, na kitambaa kilichochakaa hivyo huonekana kimefifia hata kikiwa safi.

Kuitoa njano ya kola

Hapa adui ni mafuta, basi anza na kitu cha mafuta. Kola ikiwa bado kavu, ipake sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isugue kwa vidole au mswaki laini, uiache dakika 20 hadi 30. Ukiilowesha kwanza, maji hujaza nyuzi na sabuni hushindwa kuyafikia mafuta.

Halafu loweka nguo kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga kwa muda wa saa moja au zaidi. Moto unaotakiwa ni ule ambao mkono hauvumilii kwa zaidi ya sekunde chache, si wa kuchemka. Pakiti za baadhi ya sabuni huandikwa kuwa zina vimeng'enya. Hizo hufanya kazi vizuri kwenye maji ya uvuguvugu na hupoteza nguvu kwenye maji yanayochemka, kwa hiyo kwa sabuni ya aina hiyo punguza moto na ongeza muda.

Mafuta yakishatoka, rangi ya njano iliyobaki inaweza kupunguzwa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa duka la dawa kwa kuoshea vidonda. Changanya kiasi sawa na maji, tia chembe ya magadi yaliyochujwa, paka mahali penye njano, acha dakika 30, kisha fua kama kawaida. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Kanzu yenye tabiki au darizi ya rangi shingoni isiguswe na dawa hiyo kwenye nyuzi za rangi. Njano iliyokuwa changa hutoka yote. Iliyopigwa pasi mara nyingi na kuwa hudhurungi hupungua tu.

Jiki haiyatoi mafuta

Dawa ya klorini hufuta rangi ya doa. Doa la chai au la juisi hufifia kwa sababu lenyewe ni rangi. Mafuta ya mwili hayaondoki kwa klorini. Yanabaki palepale, na baada ya wiki chache hugeuka njano upya. Isitoshe, klorini nyingi hula pamba yenyewe. Uzi huanza kulegea na kuwa na umanjano wa namna nyingine, na siku moja kola inachanika mkononi ukiwa unaisugua. Kama maji ya kisima yana chuma, klorini huigeuza kutu papo hapo na nguo nzima hutoka na rangi ya chai nyepesi.

Mashati mengi ya shule, hata yanayoitwa ya pamba, yamechanganywa na tetroni. Angalia lebo ya ndani. Tetroni hupenda mafuta kuliko pamba na huyaachia kwa taabu, kwa hiyo mashati hayo yanahitaji sabuni ya vyombo kwenye kola kila wiki. Ukisubiri doa lionekane umechelewa.

Na hili lisomwe mara mbili: jiki isichanganywe na siki, ndimu wala dawa yoyote ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na chooni au bafuni pasipo na hewa inaweza kuua. Kama umetumia kimoja, suuza nguo na beseni vizuri kabla ya kukishika kingine, au ngoja siku nyingine.

Kuhusu bluu ya kufulia, hiyo haisafishi chochote. Rangi yake ya samawati hufunika umanjano ili jicho lione weupe. Kwenye nguo safi iliyoanza kuwa ya njano kidogo inasaidia. Kwenye nguo ya kijivu inaongeza giza. Sabuni nyingi za unga nazo zina dawa ya kung'arisha inayofanana kazi, inayopokea mwanga wa jua usioonekana na kuurudisha ukiwa wa samawati. Shati jipya dukani huwa nayo tele. Ikipungua kwa jua na kufuliwa, shati huonekana limebadilika rangi ingawa halina uchafu.

Kabla ya kuiweka sandukuni

Nguo nyeupe itakayokaa miezi bila kuvaliwa ifuliwe hata kama imevaliwa saa mbili tu. Isuuzwe mara tatu, ya mwisho ikiwa na vijiko vitatu vya siki katika lita 10 za maji, ili mabaki ya sabuni na magadi yaishe. Harufu ya siki hupotea nguo ikikauka. Isitiwe wanga, maana wanga hualika wadudu na hugeuka njano kadiri unavyokaa. Ikauke kabisa, kisha izungushiwe shuka ya pamba iliyofuliwa badala ya mfuko wa nailoni, kwani mfuko hufungia unyevu ndani. Mbao za sanduku na makaratasi ya boksi nazo huacha rangi ya kahawia zikigusana na kitambaa kwa muda mrefu.

Kabla ya kukunja, peleka kola dirishani na uitazame kwenye mwanga wa mchana, kisha ipitishie kidole. Ikiteleza kidogo, bado ina mafuta, na njano ya sikukuu ijayo imekwisha anza. Irudishe kwenye beseni leo, wakati bado inatoka kwa sabuni ya vyombo.